Watano Wakidhaminiana Hawahitaji Hati: Kinachokosekana Kwenye Mikopo ya Halmashauri

Mama yangu mkubwa anauza mitumba ya watoto Mbagala Rangi Tatu. Amepanga chumba na sebule, hana kiwanja, hana gari. Akienda benki swali la kwanza ni hati, na mazungumzo yanaishia hapo hapo. Lakini huyu huyu mama amekopa na kurejesha kwa miaka sita mfululizo. Dhamana yake ni wanawake wanne anaokaa nao kwenye benchi kila Jumanne asubuhi. Mmoja akikosa rejesho, wenzake wanalipa. Basi.

Najua vijana wengi tunaichukia hii kitu. "Yaani nilipe deni la mtu mwingine?" Nami nilikuwa nasema hivyo hivyo, mpaka nilipokaa na mama mkubwa akanionyesha daftari lake. Leo nataka tuelewane kwa nini mfumo huu unafanya kazi, unavunjikia wapi, na kwa nini mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri zetu, pale Temeke na Kinondoni, imechukua jina la kikundi ikaacha roho yake.

Tuanze na hati. Benki inaitaka kwa sababu tatu. Kwanza, inachuja: mtu anayejua biashara yake ni ya kubahatisha anaogopa kuweka nyumba rehani. Pili, inakukaza: ukijua nyumba itapigwa mnada, huchezei hela. Tatu, mambo yakiharibika benki inapata pa kushika. Kwa mwenye nyumba hii inaeleweka. Serikali ilianza kugawa leseni za makazi Dar katikati ya miaka ya 2000 ili nyumba za maeneo yasiyopimwa zipate karatasi. Sawa, ila leseni inamsaidia mwenye nyumba. Mpangaji wa Tandale au Mbagala bado yuko nje ya geti.

Sasa angalia kikundi cha watano kinavyofanya kazi zile zile. Tuchukue mfano wa hesabu nyepesi. Kila mmoja anakopa 300,000, na riba 60,000, jumla 360,000 kwa wiki 24. Rejesho ni 15,000 kwa wiki kila mtu, yaani 75,000 kwa kikundi. Afisa mikopo haondoki na pungufu ya 75,000.

Kazi ya kwanza, kuchuja. Mmoja akikosa, wanne wanagawana ile 15,000: kila mmoja anaongeza 3,750. Ukimkaribisha jirani anayekosa wiki moja katika kumi, amekugharimu 3,750. Ukimkaribisha anayekosa wiki nne katika kumi, amekugharimu 15,000, rejesho lako zima la wiki. Huyo wa pili anaweza kuahidi kukurudishia, lakini wewe unamjua, hutamsubiri. Kwa hiyo wanaolipa wanatafutana, na wababaishaji wanabaki wenyewe kwa wenyewe. Afisa mikopo aliyekuja na bodaboda kutoka mjini hawezi kujua nani ni nani. Wanawake wa mtaa mmoja wanajua nani anacheza upatu mara tatu, nani mume wake anachukua hela ya mtaji, na nani akisema kesho ni kesho kweli. Wanachuja vizuri kuliko fomu yoyote, na hawalipwi posho.

Kazi ya pili, kukaza. Benki haioni mzigo wako. Mwenzako anauona anapopita kwenye meza yako. Akiona wiki ya tatu hujashusha mzigo mpya na umenunua sabufa, anakuuliza siku hiyo hiyo, kwa sababu 3,750 yake iko hatarini. Juu ya hapo kuna mkopo unaofuata. Mkimaliza salama, mzunguko wa pili ni 500,000. Mkiharibu, wote watano mnafungiwa. Kwa mama asiye na pa kwenda zaidi ya kausha damu, mlango huo ukiwa wazi una thamani kuliko kiwanja.

Kazi ya tatu ndiyo ngumu, na hapa tusidanganyane. Kikundi hakina nyumba ya kuuza. Kinachoshika nafasi yake ni akiba inayowekwa kabla ya mkopo. Kila mmoja akiweka 30,000, kuna 150,000 mezani, yaani marejesho ya kikundi kizima kwa wiki mbili. Hiyo inafunika msiba, homa ya mtoto, mvua ya wiki moja. Haifunikim biashara iliyokufa.

Ndiyo maana nasema dhamana ya pamoja inaweza kuchukua nafasi ya hati kwa mikopo midogo, inayorejeshwa kidogo kidogo, kwa watu waliochaguana. Ukiondoa mojawapo ya hayo, inavunjika. Na ukitaka kujua inavunjika vipi, rudi kwenye hesabu.

Mmoja akikosa, wanne wanalipa 18,750. Inauma, inavumilika. Wawili wakikosa, watatu waliobaki wanalipa 25,000 kila mmoja. Watatu wakikosa, wawili wanalipa 37,500 kila mmoja, mara mbili na nusu ya walichoahidi. Hapo yule mlipaji mzuri anajiuliza: nikilipa 37,500 wiki hii na wiki ijayo, huo mkopo wa 500,000 utanirudishia? Akiona hapana, anaacha kulipa hata ile 15,000 yake aliyokuwa nayo mfukoni. Kudhaminiana kunakoshikilia kikundi mmoja anapoanguka ndiko kunakokiangusha chote wanapoanguka watatu. Anayekopesha kwa kikundi lazima ajue mstari huo uko wapi, asisubiri uvukwe.

Mara nyingi unavukwa kwa sababu biashara zote ni moja. Soko la Karume lilipoungua Januari 2022, watano wa mitumba wa soko moja wasingeweza kusaidiana, maana moto haukuchagua meza. Mama mkubwa na wenzake walilijua hilo bila kusoma popote: yeye mitumba, mwingine samaki wa kukaanga, mwingine genge, mwingine saluni, mwingine anashona. Samaki wakiadimika baharini, saluni inafanya kazi.

Kuna uozo mwingine wa ndani. Mtu mmoja anakopa kwa majina matatu: jirani anasaini, hela anachukua yeye, kwa "asante" ya 20,000. Kwenye karatasi ni wakopaji watano, kiukweli ni watatu. Dalili zake zinaonekana. Rejesho la watu wawili linatoka kwenye simu moja. Mwenyekiti analeta hela ya "mgonjwa" kila wiki. Mwanachama akiulizwa anauza nini, anamtazama mwenzake kwanza. Dalili mbaya kuliko zote ni mtu kukopa kausha damu ili alipe rejesho la kikundi. Daftari linasoma safi, mtaani deni limeongezeka mara mbili.

Na kuna ukatili. Wote tumeona mama anabebewa kitanda, jiko na TV na wanakikundi wenzake, watoto wanaangalia. Wengine wamehama usiku. Ukiniuliza, hapo mkopeshaji amesukumia kazi yake chafu kwa maskini. Dhamana ya pamoja isiyo na kikomo ni deni lisilo na kikomo. Kikomo kiandikwe: akiba ya kikundi kwanza, halafu wenzake wachangie kwa wiki chache zinazojulikana, baada ya hapo hasara ni ya mkopeshaji. Yeye ndiye anayekula riba. Riba inalipia nini kama si hatari?

Mtu ataniambia hata Grameen ya Bangladeshi, benki ya Profesa Muhammad Yunus, iliacha kulipishana madeni mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kweli. Na watafiti Xavier Giné na Dean Karlan walifuatilia vikundi vya benki moja Ufilipino vilivyoondolewa dhamana ya pamoja, marejesho hayakuporomoka. Lakini soma vizuri. Vikundi hivyo vilikuwa vimeshachaguana, na vikao vya pamoja viliendelea. Mimi najifunza kwamba nguvu kubwa iko kwenye kuchaguana na kukutana, na kulipishana kunaweza kuwa kidogo. Hiyo inaunga mkono kikomo ninachokidai, haiungi mkono kurudi kwenye hati.

Sasa halmashauri. Tangu marekebisho ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 2018, kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hati haitakiwi, kinatakiwa kikundi. Wazo zuri sana. Kisha ripoti za CAG, mwaka baada ya mwaka, zikawa wimbo mmoja: mikopo haijarejeshwa, vikundi vingine havionekani vilipo. Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo yote. Ilirudi mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya.

Wakubwa wakasema vijana si waaminifu. Mimi nasema angalieni mlichojenga. Kanuni za mwanzo za 2019 zilitaka vijana kumi, idadi ikaja kushushwa hadi watano mwaka 2021. Kijana mwenye wenzake watatu anaowaamini anafanyaje? Anaokota majina ya kujaza fomu. Kuchuja kumekufa siku ya kwanza. Vikundi vingi vinaandika mradi mmoja wa wote, kuku au mashine ya matofali. Mradi mmoja ukifa, wote wameanguka siku moja, hakuna wa kumbeba mwenzake. Hela inaingia kwa mkupuo, milioni kadhaa kwa watu ambao hawajawahi kurejesha hata laki pamoja. Na mkopo wa pili? Hakuna anayeuamini, maana kila mtu anahisi hii ni hela ya msimu, na anayepata ni anayejuana na ofisi ya kata. Mtu asipotegemea mkopo wa pili, wa kwanza anauita zawadi.

Kwa hiyo tukienda kwenye mabaraza ya madiwani Temeke na Kinondoni, tusiishie kupiga kelele hela zitoke. Tudai vitu hivi. Vijana wajichague wenyewe watanowatano, kila mmoja na shughuli yake. Mkopo wa kwanza uwe mdogo, wa pili uwe haki yao iliyoandikwa wakimaliza wa kwanza. Marejesho yawe ya kila wiki, mtaani, mbele ya wenzao. Akiba itangulie, na kikomo cha kulipiana kiandikwe kwenye mkataba. Mwisho, orodha ya vikundi, kiasi walichopewa na walichorejesha ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa. Kikundi hewa hakiwezi kuishi kwenye ubao ambao majirani wanausoma.

Na wewe unayetaka kuingia kikundi wiki hii, usiniulize mimi. Chukua karatasi, andika majina manne ya watu ambao ungewalipia 3,750 yao wiki hii bila kununa, ukijua wiki ijayo watakurudishia. Ukifika mawili ukakwama, usijaze fomu. Bado huna kikundi.