Biharusi Msimnyime Maziwa kwa Sababu ya Chunusi



Kuna binti wa Kilolo, kule Iringa, anayeletwa Unguja kuolewa baada ya miezi minne, inshaallah. Uso umejaa chunusi, hasa kidevuni na mashavuni. Mashangazi wameshatoa hukumu: maziwa marufuku, chokoleti marufuku, karanga marufuku, na "punguza tamaa ya kula." Kwao kuna ng'ombe wa maziwa, na baridi ya kule humfanya mtu anywe chai asubuhi, alasiri na usiku. Sasa anakunywa chai ya rangi, ila sukari ni ileile, vijiko vitatu kila kikombe. Sisi tunaona amenyimwa kisichopasa na kuachiwa kile ambacho pengine ndicho kinachomdhuru.

Tuanze na chokoleti, maana ndiyo inayosingiziwa zaidi. Mwaka 1969 madaktari wa Marekani waliwapa watu 65 wenye chunusi kipande cha chokoleti kila siku kwa wiki nne, kisha kipande kingine kisicho na chokoleti kwa muda kama huo. Hawakuona tofauti, na kwa miaka mingi madaktari wakasema chakula hakihusiki kabisa. Lakini kipande cha pili nacho kilikuwa na sukari na mafuta karibu sawa na cha kwanza, na utafiti wenyewe ulisaidiwa na chama cha watengenezaji chokoleti. Ukilinganisha sukari na sukari, utaona nini? Baadaye yamefanyika majaribio ya kakao tupu, na baadhi yalionyesha chunusi kuongezeka, lakini moja lilikuwa na wanaume 14 tu. Kwa idadi hiyo hatuwezi kuhukumu. Tunachoweza kusema ni kwamba kipande kimoja siku ya Idi si kesi, na kwamba chokoleti nyingi za madukani ni sukari kwanza, kakao baadaye.

Kwenye sukari ndiko kuna ushahidi wa maana. Ukila kitu kinachopandisha sukari ya damu haraka, kama soda, maandazi, mkate mweupe au chai tamu, mwili hutoa insulini nyingi. Insulini hiyo huamsha homoni zinazoziambia tezi za ngozi zitoe mafuta zaidi, na huzifanya seli za ndani ya kinyweleo ziongezeke na kuziba tundu. Wadudu wanaoishi humo hustawi, na uvimbe hufuata.

Mwaka 2007 watafiti wa Australia walichukua vijana 43 wenye chunusi. Nusu walipewa chakula kisichopandisha sukari haraka na wengine wakaendelea na chakula cha kawaida. Baada ya wiki 12, wale wa kwanza walipungukiwa na chunusi 23 au 24 kwa wastani. Lakini wale ambao hawakubadili kitu nao walipungukiwa na 12! Hapo tunaomba msomaji atulie kidogo. Chunusi hupanda na kushuka zenyewe, kwa hiyo kila shangazi aliyewahi kukataza kitu fulani anaye mtu wa kumtolea ushahidi. Na pia wote walikuwa wavulana, na waliobadili chakula walipungua uzito, ambao nao hubadili homoni. Kwa hiyo tunasema sukari inachangia kwa baadhi ya watu. Hatusemi sukari ndiyo ugonjwa.

Maziwa je? Mwaka 2005 kundi la watafiti lililoongozwa na daktari Mnigeria, Clement Adebamowo, liliwauliza wauguzi wanawake zaidi ya 47,000 wa Marekani walikuwa wakila nini walipokuwa skuli ya sekondari, na kama walikuwa na chunusi kali. Waliokunywa maziwa mengi walikuwa nazo zaidi kidogo, hasa ya yale yaliyotolewa mafuta. Kwa hiyo dhana kwamba mafuta ya maziwa "yanatokea usoni" haina msingi. Tatizo ni kwamba walikuwa wakikumbuka vyakula vya miaka mingi nyuma. Nani anakumbuka alikunywa glasi ngapi akiwa na miaka 15?

Mwaka 2018 tafiti nyingi za aina hii zilikusanywa pamoja, za vijana zaidi ya 78,000. Tofauti waliyoipata tuieleze hivi: tuseme kati ya wasichana 100 wasiokunywa maziwa, 40 wana chunusi; kati ya 100 wanaokunywa wangekuwa kama 45. Basi. Na hizo ni tafiti za kuuliza na kuhesabu, si za kumpa mtu maziwa na kumtazama. Kwa uzito huo mdogo, kumnyima binti kinywaji ambacho Mwenyezi Mungu amekitaja kwa wema katika Suratun-Nahl, na chakula chake kikuu cha protini na madini ya mifupa, tunaona ni kumdhulumu.

Tuhesabu basi siku ya binti wetu. Vikombe vitatu vya chai kwa vijiko vitatu ni vijiko tisa, karibu gramu 40 za sukari. Akiongeza soda moja mchana, hiyo ina takriban gramu 35. Jumla 75, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi kama 50, na ikiwezekana 25. Maziwa aliyokuwa akitia kwenye chai hiyo hayakufika hata nusu lita. Ushauri wetu ni arudishe maziwa, ashushe sukari hadi kijiko kimoja, soda iwe maji, maandazi ya asubuhi yawe viazi vitamu au ugali wa dona na maharage, ambayo Kilolo hayakosekani.

Afanye hivyo wiki 12, si siku kumi. Chunusi unayoiona leo ilianza kuziba chini ya ngozi wiki kadhaa zilizopita. Kila Ijumaa ahesabu chunusi za uso mzima, apige picha dirishani mwanga uleule, na aandike siku za hedhi, kwa kuwa nyingi hupanda kabla ya hedhi na kumdanganya mtu. Wiki hizo asibadili kitu kingine, wala asijaribu singo mpya. Kama hesabu haikushuka, chakula si chanzo chake, na asiendelee kujitesa.

Na somo naye aangalie anampaka nini. Mafuta ya nazi usoni huziba vinyweleo kwa wengi, na krimu za kung'arisha zenye steroidi huleta chunusi za aina yake: vipele vidogo vinavyofanana, vingi kwa mara moja. Hizo hazina uhusiano wowote na maziwa.

Chunusi zenye vinundu vinavyouma huacha makovu, na hizo zisingojee wiki 12 za chakula. Aende kwa daktari wa ngozi sasa. Kwa zile za kawaida, dawa ya kupaka ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5 ipo kwenye maduka ya dawa. Aipake usiku na afunike mto kwa kitambaa cheupe, maana hutoa rangi kwenye kanga na mitandio. Matokeo huonekana baada ya wiki sita hadi nane. Na jambo moja asilione haya kulisema mbele ya daktari: kwamba anaolewa karibuni. Vidonge vya isotretinoini huharibu mimba, na krimu za adapalini nazo hazitumiwi na mwenye mimba, kwa hiyo daktari lazima ajue tarehe ya harusi kabla ya kuandika dawa.