Kiungo cha Maneno katika Mazoezi ya Msamiati wa Kiingereza: Hoja kutoka Miburani

Katika ufundishaji wa Kiingereza kwenye shule za msingi nchini Tanzania, sura za msamiati aghalabu huwa na mazoezi ya aina mbili. La kwanza humtaka mwanafunzi ataje neno lisilofungamana na mengine katika kundi la maneno manne. La pili humtaka aoanishe neno na kisawe au kinyume chake. Yote mawili hupima kitu ambacho kwa kawaida hakiandikwi katika jibu, nacho ni kiungo kinachoyaunganisha maneno hayo. Inadaiwa hapa kwamba pasipo kiungo hicho kutajwa, msahihishaji hana njia ya kujua kama mwanafunzi amekosea.

Ichukuliwe kwamba mtoto wa Miburani, kata iliyoko kisiwani Mafia, amepewa maneno ya Kiingereza yenye maana ya papa, nyangumi, taa na changu. Mtunzi wa zoezi anatarajia jibu liwe nyangumi, kwa kuwa watatu waliosalia ni samaki, ilhali nyangumi hunyonyesha na kuvuta hewa kwa mapafu. Mtoto akichagua changu, atapewa alama ya kosa. Lakini mtoto aliyekulia kisiwani huenda ameshuhudia papa au taa akipasuliwa na kukutwa na watoto tumboni. Papa wa aina nyingi na taa wa aina nyingi huzaa, na nyangumi pia huzaa. Changu hutaga mayai. Basi jibu lake limesimama juu ya kiungo cha kweli. Mwenzake aliyebahatisha na kuandika nyangumi, bila kujua maana ya neno hata moja, atapata alama kamili.

Kasoro hapa si ya mtoto, bali ni ya swali. D. A. Cruse, katika kitabu chake cha semantiki ya leksia cha mwaka 1986, anatumia sentensi ya kipimo: "X ni aina ya Y". Kwa kipimo hiki, papa, taa na changu ni aina za samaki, na nyangumi hupwaya. Kiungo cha kuzaa hakipiti katika sentensi hiyo, kwani hicho ni sifa ya viumbe na si jina la kundi. Zoezi linalotaka uhusiano wa hiponimia pekee halina budi kusema hivyo waziwazi. Lisiposema, sifa yoyote ya kweli inayotenga neno moja na kuyaacha matatu pamoja ni jibu halali.

Kueleza kiungo pia hufichua kosa ambalo jibu tupu hulificha. Samaki mkubwa aitwaye potwe, ambaye huonekana katika maji ya Kilindoni, kwa Kiingereza huitwa kwa kuunganisha neno la nyangumi na neno la papa, kwa mpangilio huo. Katika Kiswahili neno kuu hutangulia, kama tunavyosema "papa potwe"; katika Kiingereza neno kuu la jina la namna hiyo huja mwisho. Mwanafunzi anayesoma jina hilo kwa kanuni ya Kiswahili atamweka potwe katika kundi la nyangumi. Akitakiwa kutoa sababu, mwalimu atagundua kwamba tatizo ni la kisarufi, wala si la elimu ya viumbe.

Hali ni hiyo hiyo katika vinyume. Kiingereza hutumia kivumishi kimoja kwa mtu mzee na kwa wavu mkuukuu. Kinyume chake kwa mtu ni neno lenye maana ya kijana, na kwa wavu ni neno lenye maana ya -pya. Kwa upande mwingine, kivumishi cha Kiswahili -refu hutumika kwa mtu, kwa kamba na kwa kina cha bahari, ambapo Kiingereza kina vivumishi vitatu tofauti. Kinyume cha kile cha mtu na kile cha kamba ni neno moja, lakini cha kina kina kinyume chake pekee. Kwa hiyo kinyume si cha neno likiwa peke yake. Ni cha fahiwa moja ya neno hilo, nayo hubainishwa na nomino inayoandamana nalo. Orodha ya vivumishi visivyo na nomino humtaka mwanafunzi ajibu swali lisilokamilika.

Yafaa basi mtunzi ajaribu kulitenga kila neno kati ya yale manne kabla ya kulitoa zoezi. Akipata sababu nzuri ya kulitenga neno la pili, abadilishe neno au ataje aina ya kiungo anachokitaka. Katika vinyume, kila kivumishi kiandamane na nomino. Mwanafunzi naye aandike sentensi moja ya sababu, na sehemu kubwa ya alama iwe ya sentensi hiyo.

Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi wa shule ya msingi hana Kiingereza cha kutosha kueleza kiungo. Ni kweli; na ndiyo maana aruhusiwe kukieleza kwa Kiswahili. Kinachopimwa ni kama anayajua maneno manne ya Kiingereza, na mtoto anayeweza kusema kwamba watatu huzaa na mmoja hutaga ameonyesha kwamba anayajua yote manne.