Bi Harusi Asihesabiwe Kichwa

"Dada, kichwa kimoja shilingi ngapi?" Simu nyingi za hina ya shughuli huanza hivyo. Anayepiga ana haki ya kuuliza, kwani ana karatasi ya michango mbele yake na anataka namba moja ya kuzidisha. Sisi tunaochora tumeshazoea kumpa namba hiyo papo hapo. Hapo ndipo kosa linapoingia, na mara nyingi halionekani mpaka siku ya shughuli, watu wakishanuniana.

Maoni yetu ni kwamba bei ya kichwa ni nzuri pale tu vichwa vinapolingana. Kwenye harusi havilingani. Bi harusi anachorwa mikono mpaka kwenye viwiko, mbele na nyuma, na miguu juu ya vifundo. Hiyo ni kazi ya saa 5. Shoga yake aliyekuja kumsindikiza anataka ua moja la mkono mmoja, na dakika 10 zinamtosha. Ukiwaweka hawa wawili kwenye bei moja, lazima mmoja amlipie mwenzake bila kujua.

Tuchukue shughuli ya watu 20. Yupo bi harusi, wapo wanne wa karibu, yaani mama, somo na dada wawili, na wapo wageni 15. Wale wanne wanachorwa mikono yote miwili, nusu saa kila mmoja. Wageni wanachukua dakika 12 kwa mtu, pamoja na ule muda wa kukaa, kuchagua ua na kumpisha mwenzake, ambao wachoraji wengi husahau kuuhesabu. Jumla ni saa 10 za kuchora: 5 za bi harusi, 2 za wale wanne na 3 za wageni.

Sasa tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, kila mtu aweke za kwake. Saa ya mchoraji tuiweke shilingi 15,000, hivyo saa 10 ni 150,000. Koni za hina ni 16: bi harusi 5, wanne wa karibu 4, wageni 5 kwa kuwa koni moja inawatosha watu watatu, na 2 za akiba. Kwa 1,500 kila moja ni 24,000. Nauli ya siku mbili 20,000, msaidizi wa kupanga foleni na kupaka ndimu na sukari 15,000, pamba na tishu 6,000. Yote ni 215,000. Ukiongeza faida ndogo ukagawa kwa 20, unapata kama 12,000 kwa kichwa. Inapendeza, na mwenye shughuli anaridhika.

Siku ikifika wanatokea 12. Mvua imenyesha, boti imechelewa, wengine wamechorwa mtaani kwao. Unalipwa 144,000. Lakini bi harusi hakupungua hata kidole, wala mama na somo, na gharama imeshuka mpaka 188,000 tu. Umechora siku mbili na umepoteza 44,000. Usishangae mchoraji akianza kufupisha maua ya bi harusi saa tatu usiku. Anajaribu kurudisha saa ambazo hakulipwa, na anayeumia ni yule ambaye shughuli ni yake.

Upande wa pili nao una dhuluma yake. Wakitokea 25, kila mgeni wa ziada anatozwa 12,000 kwa kazi ambayo muda na hina yake havizidi 3,500. Mwenye shughuli akiligundua hilo anaanza kuwazuia wageni wasichorwe, na wale wasichana waliokuja na hamu yao wanabaki kutazama mikono ya wenzao.

Ndiyo maana tunasema bi harusi atolewe kwenye vichwa na awe na bei yake. Kwa mfano wetu, saa zake, koni zake na nauli ya usiku wake ni 92,500, basi aandikiwe 100,000. Wanne wa karibu waandikiwe 12,000 kila mmoja, na wageni 6,000. Jumla ya watu 20 ni 238,000, karibu sawa na ile ya mwanzo. Tofauti inaonekana watu wakipungua. Wageni wakiwa 7 tu, unalipwa 190,000 na gharama ni 188,000. Hukupata faida ya maana, lakini hukupoteza. Kwa hiyo wageni 7 ndio kiwango cha chini cha kuandika kwenye makubaliano, na chini ya hapo walipiwe kama 7.

Wapo wanaosema familia hazitaki mistari mitatu ya bei. Tumesikia hivyo, ila hatujaona mama wa harusi aliyeshindwa kuelewa kwamba mwanawe anachorwa zaidi ya wageni. Kinachomuudhi ni kuambiwa "bi harusi bure ukileta watu kumi", halafu akaona bi harusi amechorwa kama kitu cha bure.

Idadi ifungwe siku 3 kabla, ili ujue koni za kukoroga na kama unahitaji mchoraji wa pili. Anayeongezeka siku ile achorwe kwa 6,000 zake, mradi mkumbuke kwamba kila wageni 5 wanaongeza saa nzima. Arubuni iwe ile bei ya bi harusi, kwa kuwa ndiyo isiyobadilika. Na mseme mapema, kwa maandishi, kama inarudi shughuli ikivunjika au hairudi. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya arubuni isiyorudishwa, na si jambo la kuanza kujadiliana mlangoni kwa watu.

Piko tusiiweke kwenye kifurushi cha kikundi. Ile nyeusi ya rangi ya nywele inaweza kuvimbisha na kutoa malengelenge, na kujaribu ngozi ya mtu kunataka siku kadhaa za kusubiri. Nani atawajaribu wageni 15? Hina ya majani inatosha, mradi bi harusi achorwe siku moja au mbili kabla, maana rangi hukolea baada ya hapo. Achorwe baada ya Isha, alale nayo, asilazimike kuibandua mapema kwa ajili ya udhu.

Ofisini mambo ni mengine. Wanawake 30 wa ofisi moja, kabla ya Idi au tarehe 8 Machi, wote wanataka ua la mkono mmoja. Hapo vichwa vinalingana na bei moja inafaa. Kinachobana ni muda: mchoraji mmoja anamaliza watu 5 kwa saa, kwa hiyo saa 2 za mapumziko zinataka wachoraji 3. Chora mkono usioandika, kwani hina mbichi inataka kama nusu saa ikauke, na karatasi za ofisi hazisubiri. Kabla ya kutaja bei uliza mambo mawili: wanalipa baada ya siku ngapi, na kama watakata kodi ya zuio kwenye malipo yako. Ofisi ikilipa baada ya mwezi, wale wachoraji wawili uliowaita watataka chao jioni ile ile, na fedha hiyo lazima uwe nayo mkononi kabla hujakubali kazi.