Kumwambia mtu mshahara hauongezeki: barua pepe moja ya Moshi na Mei Mosi tano

Leo siongelei siasa moja kwa moja, ingawa mtaona zimejipenyeza humo. Naongelea barua pepe ya mistari kama kumi na tano iliyonikalisha kwenye kiti siku mbili, mwezi Desemba 2025.

Mnaonijua mnajua mimi huwa nawachapia watu barua pale mjini, karibu na Mnara wa Saa. CV, barua za kuomba kazi, malalamiko ya bili, kila kitu. Akaja dada mmoja, yeye ni meneja wa ofisi ya kampuni ya kupandisha wageni mlimani. Jina la kampuni tuliache. Ana wafanyakazi 17 wa mwezi: madereva, wapishi, watu wa stoo ya mahema, wa ofisini. Kila Januari walikuwa wanaongezwa asilimia 8. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 na zile siku za intaneti kuzimwa, wageni wao wakaanza kughairi safari. Bosi akasema Januari 2026 hakuna nyongeza, na kazi ya kuwaambia watu akamwachia dada. Akaja na rasimu, akataka niinyooshe Kiswahili tu.

Nikaisoma. Ilianza na "sisi ni familia moja", ikaendelea na "naelewa kabisa mnavyojisikia", halafu "sote tufunge mikanda", mwisho ikamalizia: "hali ikikaa sawa tutawaongezea zaidi ya mlivyozoea."

Nikamwambia, dada, Kiswahili hakina shida hapa. Shida ni hiyo sentensi ya mwisho. Hiyo tumeshaiona kwa macho yetu nchi nzima.

Kumbukeni Mei Mosi ya 2017 ilifanyika hapa hapa Moshi, Uwanja wa Ushirika. Watumishi wa umma walikuwa wameshaguswa tangu katikati ya 2016, ajira na kupanda madaraja vikisimamishwa ili wahakikiwe watumishi hewa na vyeti. Mwaka uliofuata, Iringa 2018, na tena Mbeya 2019, Rais Magufuli akawaambia miradi mikubwa kwanza, nyongeza itakuja kabla hajaondoka madarakani. Alifariki Machi 17, 2021 na ile nyongeza ya jumla ilikuwa haijatoka. Simsemi marehemu vibaya. Naongelea muundo wa ahadi yenyewe: "kabla sijaondoka" haina tarehe, kwa hiyo mtumishi kila Mei anavaa fulana, anakwenda uwanjani akidhani ni leo. Ni sawasawa na "hali ikikaa sawa". Nani atasema imekaa sawa? Bosi. Lini? Akijisikia.

Linganisha na Mwanza, Mei Mosi 2021. Rais Samia alikuwa na wiki chache tu Ikulu. Akasema wazi mwaka huu sitaweza, akaeleza uchumi ulivyopigwa na korona, akashusha kile kiwango cha chini cha kodi ya mshahara kutoka asilimia 9 hadi 8, akataja siku ya kuja na nyongeza: Mei Mosi inayofuata. Watu walinuna, ndiyo, ila walijua wanasubiri nini. Na 2022 pale Dodoma akasema "lile jambo letu lipo", na Mei 14 Ikulu ikatangaza asilimia 23.3 kwenye kima cha chini.

Sasa hapo ndipo pana somo la pili, na wengi wamelisahau. Asilimia 23.3 ilikuwa ya kima cha chini. Mwalimu wa miaka kumi na tano aliyepo Marangu au Kibosho aliisikia redioni akaipigia hesabu mshahara wake wote. Julai ikaingia benki, akakuta kiasi kidogo tu, na kelele zikawa nchi nzima mpaka vyama vya wafanyakazi vikataka maelezo. Pesa iliongezwa kweli, lakini watu walihisi wametapeliwa, kwa sababu namba ilitangulia na maelezo ya nani anapata nini yakachelewa.

Turudi kwa dada. Kabla ya kuandika nikamuuliza mikataba inasemaje. Hili watu wanaliruka. Kama mkataba umeandika "mshahara utaongezeka asilimia 8 kila Januari", huwezi kuufuta kwa barua pepe, inabidi ukae na mfanyakazi mkubaliane, sheria ya ajira ya 2004 inataka hivyo. Akampigia mtu wa ofisini, akasomewa: "mshahara utapitiwa kila Januari". Kupitiwa siyo kuongezwa. Hapo sawa, asilimia 8 ilikuwa mazoea.

Swali la pili lilimtoa jasho. Kima cha chini kipya cha sekta binafsi kilitangazwa Oktoba 2025 kianze Januari 1, 2026, tena kimepanda sana, kwa wastani theluthi moja, na kila sekta ina kiwango chake. Tukashuka na orodha ya mishahara. Watu wawili, mlinzi na dada wa usafi, walikuwa chini ya kiwango kipya cha sekta yao. Hao lazima wapandishwe, upende usipende. Kwa hiyo sentensi ya bosi "hakuna atakayeongezwa" ilikuwa uongo kabla hata haijatumwa. Na fikiria Januari mwishoni, dereva anasikia mlinzi kaongezwa na yeye hapana. Moto wake usingezimika.

Tukabishana pia lini itumwe. Dada alitaka baada ya Krismasi, asiwaharibie watu sikukuu. Kwa nia njema kabisa. Ila nyie mnaijua Krismasi ya huku kwetu: mbuzi, mbege, ndugu wote wanapanda kutoka Dar, halafu Januari ada za shule. Mtu anakopa Desemba akitegemea nyongeza ya Januari. Dereva wa laki sita alikuwa anaihesabu elfu 48 kila mwezi. Ukimwambia Januari 5 umeilinda sikukuu yako mwenyewe, yeye umemwacha na deni. Akakubali. Ikaenda Alhamisi, Desemba 11, lakini asubuhi aliwaita kwanza waliopo mjini akawaambia kwa mdomo, na wawili waliokuwa na wageni mlimani wakasubiriwa washuke waambiwe ana kwa ana. Barua pepe ni ya kubaki na maneno, siyo ya kupasulia jipu.

Hii hapa, ameniruhusu niiweke:

"Habari za kazi. Kama tulivyoongea asubuhi, Januari 2026 hakutakuwa na ile nyongeza ya asilimia 8 tuliyoizoea. Hii inawahusu wafanyakazi wote wa mwezi, nikiwemo mimi. Malipo ya wapagazi kwa safari hayaguswi.

Sababu: tangu Novemba safari nyingi za Desemba na Januari zimeghairiwa, na malipo ya awali tumelazimika kuwarudishia wageni. Mishahara ya sasa itaendelea kulipwa tarehe ile ile. Hakuna mshahara unaopunguzwa.

Wale ambao mshahara wao uko chini ya kima cha chini kipya cha serikali watapandishwa kufikia kiwango hicho kuanzia Januari 1, kwa sababu ni sheria. Nitaongea na kila mhusika.

Najua baadhi yenu mlishaipangia hesabu pesa hii, hasa ada. Nasikitika kwamba mnaisikia Desemba na siyo mapema zaidi. Una haki ya kukasirika.

Siwezi kuahidi kwamba nyongeza itakuja mwaka huu, wala kwamba italipwa ya nyuma. Ninachoahidi ni hiki: Jumatatu, Juni 15, 2026 tutakaa tena, nitawaonyesha idadi ya safari zilizolipiwa za Juni hadi Oktoba, na nitawapa jibu, la ndiyo au la hapana. Mwenye swali lake binafsi anione, nipo ofisini kila siku saa nane mpaka saa kumi."

Basi. Angalieni vitu vichache. Juni haikuokotwa hewani: mvua za masika zinakuwa zimeisha, na wageni wa msimu mkubwa wanakuwa wameshalipa malipo ya awali, kwa hiyo namba ipo mezani. Angeandika Machi, angekuwa anakisia. Kilichoahidiwa ni jibu, maana jibu liko mikononi mwake na pesa haiko.

"Naelewa mnavyojisikia" tuliitoa. Dada analipwa zaidi ya mara mbili ya mpishi, haelewi, na mpishi anajua kwamba haelewi. Kutaja ada kulifaa zaidi kwa sababu kunaonyesha anajua pesa ilikuwa inakwenda wapi. Na "nikiwemo mimi" tuliiacha baada ya kumuuliza mara mbili kama ni kweli. "Sote tufunge mikanda" ndiyo ilikufa kifo cha haraka, kwa sababu bosi alikuwa amebadilisha gari mwezi wa tisa na kila mtu stoo alilipiga picha.

Kuna kitu kimoja nilishindwa. Nilitaka aandike na idadi kamili ya safari zilizoghairiwa. Bosi akakataa, akihofia washindani wataiona. Mimi naona alikosea. Neno "nyingi" ndilo lililoulizwa la kwanza kabisa kwenye kikao, na dada hakuwa na la kujibu zaidi ya kurudia "nyingi".

Majibu yalikuja matatu tu kwa maandishi. Wawili waliandika "nimepokea", na ukimjua Mchaga aliyekasirika utajua hiyo ni barua ndefu. Wa tatu ni dereva mmoja mzee wa kazi. Aliandika: "Dada, na kama Juni jibu likiwa hapana, utatuambia Juni hiyo hiyo au tutasubiri tena Desemba?"

Dada akanipigia simu niitunge jibu zuri. Nikamwambia hapo hapahitaji mchapaji, mjibu mwenyewe. Akaandika: "Juni hiyo hiyo, kaka, tena saa nne asubuhi." Halafu akaenda kuibandika ile tarehe kwenye ubao wa stoo, pale wanaposainia mahema.