Bango Lako Linapendeza, Lakini Hebu Lisome kwa Sauti

Wasee wa Isiolo, hebu tuongee kuhusu matangazo ya siku ya soko. Tunatengeneza mabango makali, rangi zinawaka, halafu mwenye duka anachukua maneno yale yale na kuyapeleka redioni. Mtangazaji anayasoma jinsi yalivyo. Mimi nasema hapo ndipo pesa ya mteja inapotea.

Tuseme duka linauza maturubai. Bango linasema: "OFA KUBWA! Maturubai, punguzo 30%. Bei ya awali 1,000/-. Siku ya soko, 8.00–1.00."

Kwa macho, iko sawa. Sasa lisome kwa sauti. Hiyo "8.00" mtangazaji mwenye haraka ataisoma "saa nane". Saa nane ni mchana! Mwenye duka alimaanisha saa mbili asubuhi, lakini simu na kompyuta zinaandika muda kwa hesabu ya Kizungu, na sisi tunaongea kwa hesabu ya Kiswahili. "Saa nane hadi saa moja" kwa msikilizaji ni mchana mpaka jioni, na ofa yenyewe inaisha saa saba mchana. Mama ametoka mbali na mbuzi wake, ameuza, amefika dukani saa nane akakuta bei imerudi ngiri. Hana namba ya kuonyesha wala bango la kupiga picha. Ni yeye na alichosikia tu.

Shida ya pili ni hiyo asilimia. Mtu anayesoma anaweza kusimama apige hesabu. Anayesikiliza hana huo muda, kwa sababu sentensi inayofuata tayari imeingia. Mpe pesa atakayotoa mfukoni: mia saba. Ukitaka ikae kichwani kabisa, sema noti ya mia tano na ya mia mbili. Hiyo mtu anaiona hata akiwa amefumba macho.

Mimi ningeandika hivi:

"Maturubai! Ya kufunika nyumba, ya kufunika mzigo. Turubai la elfu moja, siku ya soko wiki hii ni mia saba. Noti ya mia tano na ya mia mbili, umelibeba. Tunafungua saa mbili asubuhi, tunafunga saa saba mchana. Tuko karibu na soko la mifugo, mlango wa buluu. Ukishauza mbuzi, pitia kwetu kabla hujarudi nyumbani. Turubai, mia saba. Saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana."

Hayo ni maneno kama sitini, na ukisoma bila kukimbia yanakaa karibu nusu dakika. Angalia bei na saa zimetajwa mara mbili. Hiyo si kujaza nafasi. Kuna mtu amewasha redio katikati ya tangazo, na sikio haliwezi kurudi mstari wa juu. Pia sijasema "kesho", kwa sababu tangazo lililorekodiwa Jumamosi linaweza kurushwa tena Jumapili, na kesho ikawa siku nyingine kabisa.

Najua mwenye duka atalalamika: "Nimelipia sekunde thelathini, mbona hujaweka namba ya simu, ndoo, mitungi na kamba?" Kwa sababu anayechunga mbuzi hana kalamu mkononi. Ukimpa vitu vitano vya kukumbuka, atabaki na jina la wimbo uliochezwa baada ya tangazo. Kitu kimoja kimlete dukani, ndoo na kamba ataziona akifika.

Na bango je? Usidhani lenyewe halisikiki. Hapa kwetu kijana analisomea shosho yake, mwingine anapiga picha, anaituma WhatsApp na kuongeza ujumbe wa sauti, tena kwa Kiborana au Kiturkana. Kwa hivyo andika "saa mbili asubuhi" kwa maneno. Futa mistari na alama ambazo mdomo hauna jina lake. Sentensi ikiwa fupi, anayetafsiri akiwa anasoma hatapotea njiani.

Kabla hujatuma kazi, fanya hivi. Mpigie simu mtu ambaye hajaliona tangazo, msomee mara moja tu, halafu ongeeni mambo mengine kidogo. Kisha muulize: ni kitu gani, bei gani, saa ngapi, wapi? Akikosea saa, usimlaumu kwamba hakuwa makini. Hata wa sokoni atakuwa na mbuzi, watoto na kelele za pikipiki. Rudi uandike hiyo sehemu upya, na ukimpigia tena iwe ni mtu mwingine, maana huyo wa kwanza ameshajua jibu.