Asilimia saba na nusu ya nani?

Beshte yangu anauza viatu vya mtumba pale Mutindwa, Umoja. Juzi alinionyesha simu yake akiwa na furaha tele: apu fulani imempa mkopo wa 10,000 kwa "asilimia 7.5 tu". Akaniambia, "Benki zinachukua 15, hii si ni nusu?"

Hapo ndipo nilipojua tunachezwa. Ile 15 ya benki ni ya mwaka mzima. Hii 7.5 ni ya siku 30. Ni kama kulinganisha bei ya gunia na bei ya kikombe.

Wacha tupige hesabu pamoja, na usiogope. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili na bado nimeiweza. Mkopo wa 10,000 ukirudishwa baada ya mwezi ni 10,750. Njia ya haraka ni kuzidisha 7.5 mara 12, upate 90. Hiyo ndiyo riba ya kutajwa ya mwaka. Ni kubwa tayari, lakini ni sahihi tu kwa mtu anayelipa ile 750 kutoka mfukoni kila mwezi, kisha anakopa tena 10,000 ile ile.

Beshte yangu halipi hivyo. Mwezi ukiisha na viatu havijatoka, anachukua apu ya pili kulipa ya kwanza. Sasa anadaiwa riba juu ya 10,750, si 10,000. Mwezi wa pili deni ni 11,556. Wa tatu ni 12,423. Ikifika nusu mwaka ni 15,433, na mwaka ukiisha ni 23,818. Amekopa elfu kumi, anadaiwa karibu elfu ishirini na nne, na hakuna siku hata moja aliyoambiwa namba nyingine isipokuwa 7.5.

Kwa hivyo riba halisi ya mwaka ni asilimia 138. Geuza simu yako ilale, kalkuleta itoe vitufe vingi, kisha andika:

```
1.075^12 - 1
```

Jibu ni 1.38, yaani 138 kwa mia. Kama apu inatoza kwa wiki, weka riba ya wiki na 52 badala ya 12.

Kuna mtego mwingine hapo katikati. Apu zingine hukata ada kabla pesa hazijaingia. Umeomba 10,000, umepokea 9,250, unarudisha 10,000. Ada ni ile ile 750, lakini umeitumia 9,250 peke yake, kwa hivyo umelipa asilimia 8.1 kwa mwezi. Kwa mwaka inaruka hadi kama 155. Angalia kilichoingia kwa simu, si kilichoandikwa kwa skrini.

Hii 7.5 si namba niliyookota barabarani. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza hiyo hiyo kwa siku 30, na iliitwa ada, si riba. Jina lilikuwa na uzito. Kuanzia 2016 hadi 2019 sheria ilizuia benki kutoza riba zaidi ya pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu, na ada hiyo ikabaki pale pale.

Sasa linaloniudhi zaidi. Fungua ukurasa wa gazeti wenye jedwali la mifuko ya soko la fedha, zile MMF wasee wa Donholm wanaweka chapaa. Huko wanakuonyesha riba halisi ya mwaka bila kuombwa. Mfuko unaolipa asilimia 12 ukikokotolewa kila siku unaandikwa 12.75, kwa sababu riba ya jana inazaa riba leo. Si uongo. Ukiacha 10,000 mwaka mzima unapata 1,275, kabla serikali haijakata kodi yake ya asilimia 15 kwa hiyo riba.

Yaani ukiweka akiba wanatumia hesabu inayofanya namba ionekane kubwa, na ukikopa wanatumia ile inayoifanya ionekane ndogo. Hesabu ni moja! Anayeweza kuandika 12.75 kwa akiba anaweza pia kuandika 138 kwa mkopo, kwa herufi za ukubwa ule ule, kabla sijabonyeza "kubali".

Sisemi mkopo wa simu ni sumu. Ukichukua 10,000 Ijumaa ukanunue bale Gikomba, viatu vitoke kwa wiki mbili na faida ya 3,000, umelipa 750 na mambo yameisha. Ile 138 inakuhusu ukianza kuzungusha deni. Beshte yangu yuko mwezi wa nne sasa. Tulipiga hesabu yake tukiwa tumekaa juu ya gunia la viatu: 13,355. Akanyamaza, akaanza kupunguza bei ya raba.