Samaki wa mia nane na pasi niliyoacha kwenye kiti

Wasee, nilidhani watu wa uhasibu ni wabahili tu. Kisha nikatumwa Kisumu na kampuni iliyonipa mkataba wa miezi mitatu, siku tatu za kurekodi video. Tiketi ya ndege walinunua wao. Mengine waliniambia, "Lipa, utarudishiwa." Nikalipa 15,050 kutoka mfukoni mwangu, pesa ambazo kusema kweli zilikuwa za rent.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo uhasibu nimeusomea mlangoni mwa hiyo ofisi.

Kitu cha kwanza mama wa fedha aliniuliza ni pasi za kupandia ndege, ya kwenda na ya kurudi. Nikashangaa. Si tiketi mlinunua nyinyi? Akanieleza polepole kwamba tiketi inaonyesha kiti kilinunuliwa, haionyeshi mtu alikikalia. Mtu anaweza kubadilisha tarehe, ama asisafiri kabisa na bado adai pesa za hoteli. Pasi ndiyo inaonyesha kwamba uliripoti kwa safari hiyo, siku hiyo. Ya kwenda nilikuwa nayo kwenye simu, nilipiga skrinishoti kabla ya kupanda. Ya kurudi ilikuwa karatasi, na niliiacha kwenye mfuko wa kiti cha mbele. Ilibidi niandikie shirika la ndege, niwape namba ya tiketi, nikaomba barua ya kuthibitisha kwamba nilisafiri. Barua ilikuja baada ya siku tisa. Siku tisa faili yangu imekaa tu.

Kubwa lilikuwa hoteli. Usiku mbili, 4,500 kila usiku. Niliwapelekea ujumbe wa M-Pesa na risiti ya kuandikwa kwa kalamu, yenye muhuri kabisa. Ikakataliwa. Na hapa ndipo nilianza kuwaelewa.

Tangu Januari 2024, kampuni ikitaka matumizi yake yahesabiwe na KRA wakati wa kukokotoa kodi, lazima yawe na ankara ya eTIMS, ile yenye kodi ya QR ya kuskani. Na iwe na PIN ya kampuni inayonunua. Bila hiyo, kwa KRA ni kama hizo 9,000 hazikutumika, ni faida. Kodi ya faida ya kampuni ni asilimia 30. Kwa hivyo kunirudishia 9,000 kwa risiti ya kalamu kungewagharimu 2,700 zaidi. Tiketi za abiria wa ndege zimeachwa nje ya sharti hilo, ndiyo maana hakuna aliyeniuliza eTIMS ya ndege.

Nikapigia hoteli. Wakatoa ankara ya eTIMS, lakini bila PIN ya kampuni. Imerudi! Ankara ikishaingia kwenye mfumo haifutwi kwa kalamu, ilibidi waibatilishe kwenye mfumo na watoe nyingine. Wiki tatu zimeisha. Kama ningekuwa na hiyo PIN kwenye simu nikiwa pale mapokezi, ingekuwa dakika mbili.

Teksi ya kwenda na kurudi uwanja wa ndege, 2,400, haikuwa na shida. Apu hutuma risiti kwa barua pepe, ina tarehe, ilikotoka na ilikofika. Boda, 900 kwa siku tatu, hakuna bodaboda atakupa risiti. Hapo wana fomu ndogo: tarehe, kutoka wapi hadi wapi, kiasi, sahihi yangu na ya msimamizi. Chakula cha mkahawani, 1,950, kilipita kwa sababu keshia mwenyewe aliniuliza PIN ya kampuni, nikamwandikia mwenzangu WhatsApp akanitumia. Risiti zenyewe nilizipiga picha usiku huo huo. Hiyo karatasi ya mashine hufifia kwa joto. Moja niliyoisahau nyuma ya kava la simu, kufika Nairobi ilikuwa nyeupe, picha ndiyo iliniokoa.

Lakini wacha niseme hili: mwenye kosa kubwa si mimi wala mama wa fedha. Ni aliyenituma bila kuniambia neno. Masheria yote haya yanaenea kwenye nusu ukurasa, pamoja na PIN. Mtu anayepata mshahara mnono anaweza kungoja wiki tano. Mimi landlord hakungoja. Ukituma kijana kwa pesa zake, mpe huo ukurasa kabla apande ndege, ama mpe masurufu mapema arudi kuhesabu.

Mwishowe nilipata 14,250. Zilizobaki 800 ni samaki wa Dunga. Nilimtumia mama muuzaji kwa namba yake ya kawaida, na ujumbe unaonyesha jina la mtu tu. Mama wa fedha akaniangalia juu ya miwani: "Nitajuaje huyu si mtu unamdai?"

Sikuwa na jibu. Samaki alikuwa mtamu, though.